Barua ya wazi kwa kamati ya mbio za mchana, Arua: andikeni upya tangazo la joto

Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja na wanakamati wote,

Nawasalimu. Mimi ni muuguzi, mkazi wa Oli, na mwaka jana nilikaa kwenye hema la pili la huduma ya kwanza, lile lililokuwa chini ya mwembe kwenye barabara ya kwenda Vurra. Baadhi yenu mnanifahamu kwa sura. Ndimi yule mama aliyekuwa akipiga kelele aletewe maji ya kumwagia mtu, akajibiwa kwamba maji ni ya kunywa.

Jumatatu nimeliona tangazo lenu la tahadhari limebandikwa mlangoni pa duka la dawa karibu na soko. Nimelisoma mara mbili, nikalipiga picha. Linawatisha wa kilomita 21 peke yao, wa kilomita 10 limewaacha. Linasema mbio zitaanza saa sita kamili mchana. Linasema kila mshiriki anywe maji mengi kadiri awezavyo, kabla ya mbio, wakati wa mbio na baada yake. Linasema ukiona jasho limekauka, simama, hiyo ndiyo dalili ya hatari. Linasema atakayeanguka atapelekwa hospitali mara moja. Mwisho linasema kila mtu anakimbia kwa hiari yake na kamati haitawajibika.

Hilo la mwisho siligusi, mawakili wenu wanalijua. Lakini yale manne ya juu, kila moja lina kosa, na makosa hayo mimi nimeyaona yamelazwa kwenye mkeka mbele yangu. Niliwaandikia barua baada ya mbio za mwaka jana, haikujibiwa. Sasa naandika mahali ambapo hata wakimbiaji wataisoma.

Nianze na lile la jasho. Mwaka jana, kwenye kilomita ya 18, saa saba na dakika 45, alikuja kijana mmoja fundi wa pikipiki. Nilimwona kabla hajafika hemani. Alikuwa ameacha lami, anakimbilia kwenye vumbi la kando, anarudi, anatoka tena, kama mtu anayekwepa mashimo ambayo hayapo. Nilimwita. Akanitazama kwa hasira, akaniambia nimpishe, yuko kilomita ya 5. Nikamuuliza leo siku gani. Akanijibu jina la mtaa wake. Alipita, akapiga hatua kama thelathini, magoti yakalegea, akaenda chini kifudifudi. Tulipomgeuza, fulana ilikuwa imelowa chapa na jasho lilikuwa bado linamtiririka shingoni.

Kijana wa kujitolea aliyekuwa nami alisema, na hakuwa na kosa lolote maana tangazo la mwaka jana nalo lilisema hivyohivyo: "Si joto hili, mama, anatoka jasho." Tukampima kwapani, kipimajoto kikasema 38.1. Akazidi kuamini. Homa ya mtoto tu hiyo.

Hapo ndipo tangazo lilipotudanganya. Kukauka kwa jasho ni habari ya mzee aliyekaa siku tatu ndani ya nyumba ya mabati wakati wa kiangazi. Mkimbiaji anayepata kiharusi cha joto, yaani joto la mwili kupanda hadi akili inavurugika, mara nyingi huanguka akiwa bado analoa, kwa sababu joto lake halikutoka nje tu, limepikwa na misuli yake mwenyewe. Atakayengoja jasho likauke ndipo asimame, hatasimama.

Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, ndiyo inayoonyesha kwa nini chupa ya maji peke yake haimkingi mtu. Mkimbiaji wa kilo 65 anayekwenda kilomita 10 kwa saa hutumia nishati ya kama kalori 650, zile kalori kubwa zinazoandikwa kwenye pakiti za biskuti. Sehemu ndogo tu ya nishati hiyo ndiyo inayomsogeza mbele. Iliyobaki, zaidi ya 500, ni joto. Kama joto hilo lisingepata pa kutokea, mwili wake ungepanda nyuzi moja kila baada ya dakika 6 au 7. Kinachomwokoa ni jasho, tena si jasho linalodondoka, ni lile linalogeuka mvuke juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoa kalori kama 580. Linalodondoka barabarani ni hasara tupu. Sasa mfunike huyo mtu fulana nene ya mdhamini, rangi ya zambarau iliyokoza, namba ya karatasi kifuani na nyingine mgongoni, mweke juu ya lami ya Februari jua likiwa utosini, halafu mwambie anywe maji. Maji anayokunywa yanasaidia kutengeneza jasho, ni kweli, lakini hayawezi kulikausha. Anaweza kupata kiharusi cha joto tumbo likiwa limejaa maji hadi linachezacheza.

Ndiyo maana pia tangazo lenu linakosea kuwatisha wa kilomita 21 peke yao. Anayetengeneza joto jingi kwa dakika ni yule anayekimbia kwa kasi, na kwenye kilomita 10 ndiko vijana wanakokimbia kwa kasi kuliko wote, wanatafuta ile zawadi ya simu. Falmouth, kule Massachusetts Marekani, wana mbio za kilomita 11 hivi kila Agosti, na huko visa vya kiharusi cha joto ni jambo la kila mwaka. Nitarudi Falmouth baadaye, kuna jema la kujifunza.

Dalili inayofaa kuandikwa kwenye tangazo ni akili. Mtu anayumba, anakuwa mkali bila sababu, anajibu swali ambalo hukumuuliza, anasahau yuko wapi, anasema anasikia baridi juani. Tena mwenyewe hajui. Kijana yule alikuwa na hakika yuko kilomita ya 5. Kwa hiyo tangazo lisimwambie mkimbiaji ajichunguze tu, limwambie amchunguze aliye mbele yake na aliye pembeni. Na polisi na vijana wa njiani wafundishwe maswali mawili: leo siku gani, na umetoka wapi. Anayekosea, atolewe barabarani, hata akitukana.

Kuna aina nyingine ya kuanguka, na ni vizuri msizichanganye mkajaza hema bure. Wengi huanguka hatua chache baada ya kuvuka utepe, wanaposimama ghafla na damu inabaki miguuni. Huyo ukimlaza na kumwinua miguu juu ya jerikeni, baada ya dakika chache anauliza medali yake. Akili yake ni safi. Anayetisha ni yule anayeanguka kabla ya kufika, au yule ambaye amelala, miguu iko juu, na bado anazungumza maneno yasiyo na kichwa wala mkia.

Sasa lile la hospitali. Nalo linaonekana la busara kabisa, nani atapinga mgonjwa kupelekwa hospitali? Ngoja niwaeleze kilichotokea baada ya kipimajoto kile cha kwapani. Tulimweka kivulini. Watu walimzunguka kama nyuki, hewa ikakosa pa kupita. Mmoja alijaribu kumnywesha maji, akapaliwa. Tuliomba gari. Pikapu ilifika baada ya robo saa, ikageuza, ikakuta barabara ni ya wakimbiaji na ngoma za matarumbeta, ikasota nyuma yao ikipiga honi. Alifikishwa hospitali saa nane na dakika 25, dakika 40 tangu aanguke. Walimpima kwa njia ya haja kubwa, kipimo cha kweli cha joto la ndani. Kilisoma 41.3. Hiyo ni baada ya kulala kivulini na kupigwa na upepo wa pikapu. Sitaki hata kukisia alikuwa na ngapi alipokuwa mikononi mwangu, mimi nikisoma 38.1 kwapani penye jasho linalopoa.

Alilazwa siku tisa. Mkojo wake siku ya kwanza ulikuwa mweusi kama soda, misuli ilikuwa imevunjika na kumwagika kwenye figo. Amepona, anafungua nati kama kawaida, lakini hakimbii tena, na akikaa juani saa moja kichwa kinamuuma.

Kinachoharibu figo, ini na ubongo si kufika nyuzi 41 tu, ni muda anaokaa huko juu. Wataalamu wa tiba ya michezo wanataka mwili ushuke chini ya nyuzi 40 ndani ya nusu saa tangu mtu aanguke. Kwa Arua yetu, siku ya mbio, nusu saa ndiyo inayoishia barabarani. Kwa hiyo utaratibu ugeuzwe: apozwe kwanza palepale alipoanguka, asafirishwe akiwa ameshapoa. Nilisema nitarudi Falmouth. Pale, kwa miaka 18, wakimbiaji 274 walipata kiharusi cha joto. Walitumbukizwa kwenye beseni za maji ya barafu ndani ya hema, papo hapo. Wote 274 walipona.

Najua mtasema hatuna beseni za Marekani. Hatuzihitaji. Tunahitaji turubai, lile la kuanikia mihogo. Mtu analazwa katikati, watu wanne au sita wanashika pembe na kingo na kuziinua hadi linakuwa kama mtumbwi, kichwa chake kikiwa juu, na mmoja kazi yake ni kichwa hicho tu kisizame. Wengine wanamimina maji, mitungi minane ya lita 20, pamoja na barafu. Barafu mnaijua inakotoka, wauza samaki na wauza soda wanayo, ipasuliwe kwa nyundo asubuhi na kuwekwa kwenye makasha yenye mifuniko. Wanaoshika turubai walitikise polepole ili maji yazunguke, maana maji yaliyotulia juu ya ngozi hupata joto na kuacha kupoza. Kwa namna hii mwili hushuka nyuzi moja kwa kila dakika 6 au 7. Kijana wetu, kutoka 41.3 hadi 39, angehitaji kama dakika 15, muda uleule tuliousubiria pikapu.

Afikapo 39, atolewe, kwa sababu ataendelea kushuka mwenyewe na hatutaki kumgeuza samaki wa barafu. Kama barafu imekwisha, maji ya bomba ya kawaida yaendelee kumwagwa mwili mzima huku watu wanampepea kwa maboksi, ni bora mara nyingi kuliko kukaa kusubiri. Asinyweshwe chochote maadamu akili haijarudi.

Kuhusu kipimajoto. Najua jinsi jambo hili linavyowaudhi watu, hata kwenye kikao chenu mmoja alicheka. Kipimajoto cha kwapani, cha paji la uso na kile cha kuelekeza kama bastola tulichokizoea wakati wa korona, vyote hudanganya kwa mtu aliyelowa jasho. Njia ya haja kubwa ndiyo pekee inayoaminika hapo hemani. Basi tuifanye kwa heshima: shuka nne za kuzungusha kama pazia, mwanamke ahudumiwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume, na mshika simu yeyote anayepiga picha aondolewe. Kama hatuna mwenye ujuzi huo au kipimajoto hakipo, akili yake ndiyo kipimo. Mkimbiaji aliyechanganyikiwa juani apozwe robo saa, au mpaka aanze kutetemeka na kujibu vizuri, kisha gari liondoke. Huku akipozwa, achomwe kidole kupimwa sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka nayo huchanganya akili na dawa yake iko mfukoni mwa kila duka.

Nilisema kila mstari una kosa. Wa maji ndio ulionishtua zaidi, maana unaonekana hauna madhara. Nani amewahi kudhurika kwa kunywa maji?

Mama mmoja muuza vitenge, sokoni kwetu. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, alijiandikisha kwa ajili ya kampeni ya kansa, alitembea na kukimbia kilomita 21 kwa karibu saa nne. Mtiifu sana. Kwenye kila meza alichukua vifuko viwili vya maji na kuvimaliza, kwa sababu tangazo lilisema kadiri awezavyo, na vijana wa meza walikuwa wakimhimiza, "Kunywa, mama, kunywa!" Alifika akitabasamu. Baada ya nusu saa alilalamika pete zinambana na kichwa kinapasuka. Wakampa maji zaidi. Akatapika, na yalikuwa maji matupu. Jioni, kwenye benchi la kituo cha mabasi, akaanza kutupa mikono na miguu kama mwenye kifafa. Ndugu zake walinionyesha karatasi ya hospitali: sodiamu ya damu ilikuwa 122. Kawaida ni kati ya 135 na 145.

Maana yake ni kwamba alikuwa ameizimua damu yake, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi mpaka chumvi haionekani. Maji ya ziada yanaingia kwenye seli, na ubongo ukivimba hauna pa kwenda, fuvu halitanuki. Wanaopatwa na haya si wakimbiaji hodari. Ni wa polepole, wanaopita meza nyingi kwa saa nyingi, wenye miili midogo, na wale waliomeza vidonge vya maumivu kabla ya mbio, kwa kuwa dawa hizo huzuia figo kutoa maji. Boston mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni mwa marathoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini. Mwaka huohuo, mbio hizohizo, mwanamke mmoja alifariki kwa sababu hii. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Hapo ndipo mizani ya bafuni, ile ya bei nafuu, inapofanya kazi ambayo hakuna daktari anayeweza kuifanya kwa macho. Mpimeni mtu wakati wa kuchukua namba, uzito uandikwe nyuma ya namba hiyo kwa kalamu isiyofutika. Mtu wa kilo 65 akirudi na 64 au hata 63 na ushee, amepoteza maji, lakini akili ikiwa nzuri anywe taratibu, ale ndizi na kitu cha chumvi, atarudi sawa. Akirudi na 66, asipewe tone la maji, na kabisa asitundikiwe dripu hemani. Nasisitiza dripu kwa sababu vijana wetu wanaipenda mno. Mtu ameanguka, dripu. Kwa yule mama, dripu ya kawaida ya pale hemani ingekuwa kumwongezea mafuriko. Anayechanganyikiwa, anayetapika maji, ambaye joto lake la ndani halijapanda, na vidole vimevimba, huyo ndiye wa kukimbizwa hospitali moja kwa moja, na karatasi iseme wazi kwamba amekunywa maji mengi, ili wampe chumvi kali badala ya maji.

Kwa hiyo anywe kiasi gani? Anywe akisikia kiu, aache kiu ikiisha. Kwa wengi wetu inaangukia kati ya mililita 400 na 800 kwa saa, mkimbiaji mdogo wa polepole akiwa karibu na 400. Hicho si kiwango cha kutimiza. Kwenye meza mbili za mwisho pawekwe pia maji yenye pakiti ile iliyoandikwa ORS, pakiti moja kwa lita moja kamili, isipunguzwe wala isizidishwe kwa jicho. Lakini msiwadanganye watu kwamba chumvi hiyo inawaruhusu kunywa bila mwisho, haiwezi kushindana na vifuko ishirini. Maji yatakayobaki, na yatabaki mengi, yamwagwe vichwani na mikononi. Huko yanapoza kweli.

Nafika kwenye saa, mheshimiwa Mwenyekiti, na hapa najua mtanuna.

Mnasema saa sita kwa sababu mgeni rasmi hafiki mapema, redio wanataka watu wengi, na muziki unafuata jioni. Mnasema pia kwamba jua likishafika saa sita limefika kileleni, litaanza kushuka. Sivyo ilivyo kwetu. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa nyuzi 45 za mashariki, yaani kwa jua la Mogadishu. Arua tuko karibu na nyuzi 31, mbali sana magharibi, hivyo jua linachelewa kutufikia kwa takriban saa nzima. Februari, jua la Arua linafika kileleni saa saba na dakika kama 10. Hewa yenyewe inaendelea kupata joto hadi saa tisa hivi, na lami nayo. Mkimaliza hotuba mkaanza saa sita, mtu wa kilomita 21 anayetumia saa mbili na nusu anakuwa katikati ya njia wakati jua liko utosini, na anamaliza hewa ikiwa bado inapanda. Kijana wangu alianguka saa saba na dakika 45. Ukitaka kupanga saa mbaya kuliko hiyo kwa makusudi, utahangaika.

Kuna mwanakamati aliyeniambia, "Mbona Kiprotich alishinda London mchana?" Ni kweli, Stephen Kiprotich alitwaa dhahabu ya Olimpiki tarehe 12 Agosti 2012, na mbio zilianza saa tano asubuhi. Lakini London jua la Agosti hata mchana liko mbali na utosi, na yeye ni Kiprotich. Mkitaka mfano wa joto, tazameni Doha 2019. Mashindano ya dunia, marathoni ya wanawake ilisogezwa hadi karibu na saa sita usiku kukwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Hao ni bora wa dunia, gizani. Sisi tunawapeleka wauza vitenge, juani.

Mwingine akasema sisi ni watoto wa jua, tumezoea. Mwili unazoea kufanya kazi kwenye joto kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto lenyewe. Karibu kila mtu ninayemjua hapa anafanya mazoezi alfajiri, kabla ya kufungua duka. Huyo amezoea alfajiri. Kuuza nyanya kivulini mchana hakuhesabiwi.

Msitegemee pia ile namba ya joto kwenye simu. Ni joto la kivulini, haijui jua wala lami. Kipimo kinachotumika kwenye mbio kinachanganya vitu vitatu: kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, kinachohesabiwa kwa uzito wa 0.7, kipimajoto ndani ya tufe jeusi lililo juani, 0.2, na cha kawaida kivulini, 0.1. Chukueni mchana ambao cha kitambaa kinasoma 22, cha tufe 48, na cha kivulini 32. Mnapata 15.4, na 9.6, na 3.2. Jumla 28.2. Simu inasema 32, watu wanasema kawaida tu, lakini ikizidi 28 kwa kipimo hiki, ushauri wa tiba ya michezo ni kuahirisha au kufuta mbio. Saa moja asubuhi siku hiyohiyo mngekuwa mbali sana chini ya hapo.

Naomba saa moja asubuhi, basi. Mbio kubwa za Kampala huanza asubuhi mapema, na wageni rasmi hufika. Mgeni wetu akichelewa, atoe zawadi badala ya kupiga filimbi. Wa muziki wapige jioni kama walivyopanga.

Na kama saa haibadiliki, walau tangazo libadilike. Mnaweza kuchukua maneno haya, siyadai haki yoyote:

"Joto litakuwa kali. Kama wiki hii umepata homa, malaria au kuharisha, au jana usiku ulikunywa waragi, usikimbie. Namba yako itatumika mwaka ujao. Usimeze dawa za maumivu kabla ya mbio. Punguza kasi kuliko ulivyozoea, vaa nguo nyepesi, fulana ya mdhamini si lazima. Kunywa ukisikia kiu tu. Maji ya ziada jimwagie. Ukiyumba, ukisikia baridi, au ukimwona mwenzako anayumba, amekuwa mkali au hajui alipo, msimamishe na uite hema lililo karibu, hata kama anatoka jasho. Atapozwa hapo hapo kwa maji ya barafu kabla ya kupelekwa hospitali. Pima uzito unapochukua namba, na nyuma ya namba andika simu ya ndugu yako na dawa unazotumia."

Lisomwe pia redioni kwa Lugbara na Kiswahili, kwani wengi wa wakimbiaji wangu hawasimami kusoma karatasi za mlangoni.

Mimi nitakuja na turubai mbili na shuka zangu nne. Wauguzi wawili wa zamu wamekubali kuja na kipimajoto kinachofaa. Tunachokosa ni barafu, mitungi minane iliyojaa kwa kila hema, na ruhusa ya kuwazuia madereva wa pikapu wasimbebe mtu kabla hatujawaambia. Naomba jibu kabla ya Alhamisi, maana barafu ya samaki huagizwa siku mbili mapema.

Wenu,
Muuguzi wa kujitolea, hema la pili
Oli, Arua